-nge- moja ya Kiswahili, maumbo mawili ya Kihispania: "si tuviera", "iría" na "ojalá"

"Shikamoo mwalimu. Mimi niko Lindi, najifunza Kihispania mwenyewe ili niweze kuongoza wageni Kilwa. Kwenye zoezi la kujaza nafasi niliandika 'Si yo tendría tiempo, iría a Kilwa', lakini majibu ya mwisho wa kitabu yanasema 'tuviera'. Na kwenye ojalá mara wanataka 'llegue', mara 'llegara', sioni tofauti. Nitajuaje lipi liende wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kosa lako la kwanza limetokana na Kiswahili chenyewe, tena Kiswahili kilichonyooka. Tunaposema "Ningekuwa na muda, ningekwenda Kilwa", kiambishi -nge- kinakaa katika vitenzi vyote viwili, kile cha sharti na kile cha matokeo, na sikio letu limezoea kwamba sentensi ya namna hiyo hufanana pande zote mbili. Ulipofika kwenye zoezi uliona kwamba "iría" ni "ningekwenda", na kwa kuwa "ningekuwa" ina -nge- ileile, nayo ukaipa -ría. Kihispania hakifanyi hivyo. Kazi ambayo sisi tumeipa -nge- peke yake, wao wameigawa kwa maumbo mawili: upande wa sharti, ulioshikwa na "si", huchukua umbo ambalo hapa nitaliita umbo la -ra, na upande wa matokeo huchukua umbo la -ría. Kwa hiyo -nge- yako ya kwanza ni "tuviera" na ya pili ni "iría": "Si tuviera tiempo, iría a Kilwa."

Kitabuni umbo la -ra utalikuta chini ya kichwa "pretérito imperfecto de subjuntivo", na la -ría chini ya "condicional simple". Jina la kwanza huwapotosha wengi, kwa sababu lina neno la wakati uliopita ndani yake, na mwanafunzi hudhani kwamba "si tuviera tiempo" inaeleza mambo ya jana. Sentensi hiyo inaeleza hali ya sasa, au hata ya kesho, ambayo msemaji anaiona haipo au haielekei kuwapo. "Si mañana lloviera" ni Kihispania kamili kabisa, ijapokuwa kesho haijafika. Umbali unaotajwa na -ra ni umbali na ukweli, si umbali wa tarehe, na hapo -nge- yetu na -ra yao ni ndugu.

Watunzi wa mazoezi wanapenda kugeuza sentensi ili kumpima mtu anayekariri mpangilio. Utapewa "Iría a Kilwa si ______ (tener) tiempo", na anayefikiri kwamba "cha kwanza ni -ra, cha pili ni -ría" ataandika kinyume. Usitazame nafasi ya kitenzi katika sentensi. Tafuta "si" iko wapi. Tafsiri sentensi kwa Kiswahili na ujaribu kuweka neno "kama" mbele ya kila kitenzi: "Kama ningekuwa na muda, ningekwenda" inakaa sawa, ilhali "Ningekuwa na muda, kama ningekwenda" inavunjika maana. Kitenzi kinachokubali "kama" ndicho chenye -ra, hata kikisukumwa hadi mwisho wa mstari.

Hapa niingize jambo moja ambalo huenda likakuchanganya siku utakapokutana na wageni wenyewe. Mimi nilisahihishwa mara nyingi nilipokuwa mwanafunzi kwa sababu ya "si tendría", nikaiacha kabisa. Miaka ilipopita nikiwa Mikindani nikamsikia mgeni kutoka Bilbao akisema "si tendría" bila wasiwasi wowote. Hakuwa amekosea ulimi. Katika sehemu za kaskazini mwa Uhispania, kama vile Nchi ya Basko, Burgos na Kantabria, watu wengi huongea hivyo nyumbani na barabarani. Wao wenyewe, hata hivyo, hufundishwa shuleni kuandika "si tuviera", na katika mtihani wowote wa Kihispania "si tendría" ya sharti huhesabiwa kosa. Ukiisikia ielewe, lakini usiiandike.

Tuje kwenye kuliunda umbo lenyewe, maana nina shaka kwamba hata ungejua linahitajika -ra, huenda ungeandika "teniera". Kosa hilo hutokea mtu anapoanzia kwenye kitenzi kisichonyambuliwa, "tener", akakata mwisho na kubandika. Umbo la -ra halizaliwi huko. Huzaliwa kwenye nafsi ya tatu wingi ya wakati uliopita uliokamilika, yaani "wali-": walisema, walikuwa na, walikwenda. Chukua penseli, andika "tuvieron", kisha funika "-ron" ya mwisho kwa kidole gumba. Inabaki "tuvie-". Hapo ongeza -ra, -ras, -ra, -ramos, -rais, -ran, upate tuviera, tuvieras, tuviera, tuviéramos, tuvierais, tuvieran. Fanya vivyo hivyo kwa "hablaron" upate hablara, kwa "comieron" upate comiera, kwa "vivieron" upate viviera. Njia hii haina kitenzi hata kimoja kinachoikwepa, na ni nadra kupata neema ya namna hiyo katika Kihispania.

Ugumu wote, basi, umehamia kwenye kuijua hiyo "wali-". Kama unajua kwamba "hacer" huwa "hicieron", "poder" huwa "pudieron", "poner" huwa "pusieron", "saber" huwa "supieron", "venir" huwa "vinieron", "querer" huwa "quisieron" na "estar" huwa "estuvieron", umeshamaliza kazi: hiciera, pudiera, pusiera, supiera, viniera, quisiera, estuviera. Vile vitenzi ambavyo irabu yake hubadilika kidogo huja navyo bila kusumbua, kwa hiyo "pidieron" hutoa pidiera, "durmieron" hutoa durmiera na "leyeron" hutoa leyera. "Fueron" ni ya ser na pia ya ir, hivyo "fuera" ni "angekuwa" na pia "angekwenda", na maneno yaliyo jirani ndiyo yatakayokuambia ni ipi. Angalia zaidi "dijeron" na "trajeron", ambazo hazina i baada ya j. Ukifunika "-ron" hapo unabaki na "dije-" na "traje-", kwa hiyo jibu ni dijera na trajera. Mtu anayeandika "dijiera" ameacha kufunika kwa kidole, akaanza kukisia.

Alama ya mkazo nayo huondoa alama za mtihani kimyakimya. Katika nafsi ya "sisi" lazima irabu iliyo kabla ya -ramos ipate mkazo: habláramos, tuviéramos, fuéramos. Katika nafsi nyingine haiwekwi, na kuiweka mahali pasipostahili ni hatari kuliko kuisahau, kwa sababu "hablara" ni "angezungumza" ya sharti, ilhali "hablará" ni "atazungumza". Ukiandika kwa simu, bonyeza herufi a bila kuachia hadi ijitokeze á.

Umbo la -ría lina chanzo tofauti, na hapo ndipo wengi huchanganya mashina. Lenyewe linaanzia kwenye kitenzi kizima: hablar hutoa hablaría, ir hutoa iría, ser hutoa sería. Vitenzi 12 tu, pamoja na watoto wao, hubadilisha shina kidogo, na kwa mazungumzo yako ya kazini anza na tendría, pondría, saldría, vendría, podría, sabría, querría, habría, diría na haría. Viwili vilivyobaki ni valer na caber, ambavyo hutoa valdría na cabría. Kwa hiyo kitenzi kimoja, tener, kina nyumba mbili: "tuv-" upande wa sharti na "tendr-" upande wa matokeo. Ukijikuta umeandika "tuviría" au "tendriera", jua kwamba umechukua shina la nyumba moja na mlango wa nyingine. Nawashauri wanafunzi wangu wavikariri vitenzi hivi wawiliwawili, si kwa jedwali refu: tuviera na tendría, pudiera na podría, hiciera na haría, dijera na diría.

Sasa kuna kosa la upande wa pili, ambalo hujitokeza baada ya mtu kulizoea umbo la -ra. Hulitia kila mahali panapoonekana "si". Sharti lililo wazi, ambalo linaweza kabisa kutimia, halihitaji -ra. Kiswahili hapa kinakusaidia badala ya kukuponza, kwa kuwa sisi tuna -ki- kwa jambo hilo. "Nikipata muda nitakwenda Kilwa" ni "Si tengo tiempo, iré a Kilwa", kwa wakati uliopo wa kawaida upande wa "si". Usiandike "si tenga" hata siku moja, maana "si" ya sharti haifuatwi na umbo la "tenga", hata kama sura nzima ya kitabu inahusu maumbo ya aina hiyo na macho yako yanatamani kulitumia. Kwenye zoezi, kitenzi ambacho mtunzi amekiacha bila kukificha ndicho shahidi wako: kikiwa -ría, upande wa "si" ni -ra, kikiwa cha wakati ujao, wakati uliopo au cha kuamuru, upande wa "si" ni wakati uliopo wa kawaida.

Kwa mambo yaliyokwisha pita, Kiswahili cha vitabuni kina -ngali-, lakini tuseme kweli, hapa pwani ya kusini watu wengi husema "Ungeniambia jana ningekuja" kwa -nge-, na maana inaeleweka kwa sababu ya neno "jana". Kihispania hakikubali kuliachia neno "ayer" kazi hiyo. Jambo likiwa limepita na haliwezi kurekebishwa, utahitaji "hubiera" na kitenzi cha kukamilisha: "Si me lo hubieras dicho ayer, habría venido." Kwa hiyo kabla ya kutafsiri -nge- yako jiulize ni ya sasa au ya jana iliyovaa nguo ya sasa. Upande wa matokeo wa sentensi ya namna hii unaweza pia kukuta "hubiera venido" badala ya "habría venido", na yote mawili ni sahihi. Ni mahali ambapo Kihispania chenyewe kinarudia umbo moja pande zote mbili kama tunavyofanya sisi.

Nimesema tangu mwanzo "si ya sharti", na sikulitia neno hilo kwa bahati. Kuna "si" nyingine ambayo kwetu ni "kama" au "iwapo" ya kuuliza: "Sijui kama nitaweza" ni "No sé si podré", na "Aliniuliza kama ningeweza kwenda" ni "Me preguntó si podría ir". Hapo -ría inakaa baada ya "si" bila kosa lolote, kwa kuwa hakuna sharti, kuna swali lililofichwa. Ukiweza kubadilisha "kama" iwe "kama … au la" na sentensi isipoteze maana, basi hiyo sio "si" ya sharti, na kanuni zote za juu haziihusu.

Kuhusu ojalá, mtu wa pwani ana bahati ambayo wanafunzi wengine hawana. Kamusi ya Akademia ya Kihispania inalitoa neno hili katika Kiarabu kilichozungumzwa Andalusia, kutoka maneno "law sha Allah". Hiyo "law" ndiyo "lau" yetu ya "lau kama ningejua". Miongoni mwa maneno ya sharti ya Kiarabu yamo haya mawili: "in" kwa jambo linalowezekana, ambayo tumeipata katika "inshallah", na "law" kwa jambo lililo mbali na ukweli. Kihispania kimebeba ile ya pili, lakini kwa karne nyingi kimelitumia neno lake kwa kazi zote mbili, na umbo la kitenzi linalofuata ndilo linalotenganisha. "Ojalá llegue" ni inshallah: mlango uko wazi, mtu anaweza kufika, tunaomba afike. "Ojalá llegara" ni laiti: laiti angefika, lakini msemaji haoni dalili, au anajua kabisa kwamba hafiki. Na "Ojalá hubiera llegado" ni laiti angalifika, mambo yamekwisha. Tazama pia kwamba -e ya mwisho wa "llegue" na "hable" inafanana na -e yetu ya "afike" na "aseme". Ni sadfa tu, tena vitenzi vya -er na -ir huishia na -a katika umbo hilo, lakini nimeona sadfa hiyo ikiwasaidia watu kukumbuka.

Kwa hiyo unapokutana na ojalá na mabano, soma sentensi hadi nukta ya mwisho, kisha jaribu "inshallah" na "laiti" mbele yake. Moja itakaa na nyingine itakataa. Kumbuka pia kwamba -ría haifuati ojalá, hata kama kwa Kiswahili umesema "laiti angefika" yenye -nge-.

Nimekutungia zoezi fupi kutoka siku moja ya kazi unayoitaka, kwenye boti kutoka Kilwa Masoko. Lijaze kwanza kwa penseli kabla ya kusoma chini yake.

1. Si ______ (tener, nosotros) más tiempo, iríamos a Songo Mnara.
2. Si el viento ______ (cambiar), saldremos a las tres.
3. El capitán nos esperaría si se lo ______ (pedir, nosotros).
4. Ojalá ______ (llegar) pronto el barco. Ya se ve la vela.
5. Si ustedes me lo ______ (decir) ayer, yo ______ (traer) más agua.
6. No sé si mañana ______ (poder, yo) volver.
7. Ojalá el guía ______ (hablar) más despacio: no entiendo nada.

Katika ya kwanza shahidi ni "iríamos", kwa hiyo tuvieron, kidole juu ya -ron, tuviéramos, pamoja na mkazo wake. Ya pili inafanana nayo kwa umbo, lakini shahidi ni "saldremos", wakati ujao. Kwa Kiswahili ni "upepo ukibadilika tutaondoka", na jibu ni cambia. Ya tatu imegeuzwa, na "esperaría" imekaa mbele. "Si" iko nyuma, kwa hiyo -ra nayo inakwenda nyuma: pidieron, pidiéramos. Aliyeandika "pediéramos" ameanzia kwenye "pedir" badala ya "wali-". Ya nne ni inshallah, maana tanga limeshaonekana, na jibu ni llegue, yenye u baada ya g ili sauti ya g isigeuke kuwa kh.

Ya tano ina "ayer", kwa hiyo haitoshi "dijeran" na "traería", ijapokuwa maumbo yenyewe yameundwa vizuri. Mngaliniambia jana, ningalileta maji zaidi: hubieran dicho na habría traído, au hubiera traído ukipenda. Kitabu chako kikikuonyesha "hubiesen dicho" usishtuke, wala "tuviésemos" katika ya kwanza. Ni umbo pacha la -ra lenye -se, huundwa kwa kidole kilekile juu ya -ron, na upande wa "si" na baada ya ojalá yote mawili ni sahihi. Kwa kuzungumza na wageni -ra inakutosha; -se jifunze kuitambua ukiisoma. Ya sita ni ile "kama … au la", sijui kama nitaweza, na jibu ni podré.

Ya saba nimeiweka mwisho kwa makusudi. Mwongozaji anaendelea kuzungumza, maneno yanamtoka mbio, na msemaji anakiri kwamba haelewi kitu. Hamwoni mtu anayeelekea kupunguza mwendo. Analalamika kuhusu hali iliyopo mbele yake, laiti angezungumza polepole, na kwa hiyo jibu ninalolitaka ni hablara. Badilisha sehemu ya mwisho tu, iwe "Ojalá el guía ______ más despacio mañana", na sasa kesho bado haijafika, mwongozaji anaweza kubadilika, jibu la kawaida linakuwa hable. Anayesema "hablara" hata hapo hajavunja sarufi, bali ametuambia kwamba hana matumaini naye. Funguo za majibu nyuma ya vitabu huonyesha umbo moja tu, kwa hiyo sentensi ya ojalá ikiwa fupi mno kiasi kwamba haina neno linaloonyesha kama jambo linawezekana au la, na wewe umeandika umbo jingine lililoundwa sawasawa, usilikate kwa wino mwekundu. Andika pembeni yake "inshallah" au "laiti" kuonyesha ulichokusudia.